Barua ya Mapendekezo kwa Mfanyakazi Anayeondoka: Maswali Ambayo Wasimamizi Huuliza Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya msimamizi aliyeombwa na mfanyakazi wake wa zamani amwandikie barua ya mapendekezo, naye anataka kusema kweli yote inayohusika bila kumzibia mwenzake njia. Masuala ya sheria yanahusu Tanzania na Kenya. Mfano mkuu ni wa karani wa bohari katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Mfano huo ni wa kubuni, lakini mambo yaliyomo ni yale yanayotokea kweli katika kazi ya bohari.

Je, barua ya mapendekezo na cheti cha utumishi ni kitu kimoja?

Hapana, na magomvi mengi huanzia pale watu wanapovichanganya. Cheti cha utumishi ni hati ya kisheria inayothibitisha kwamba mtu fulani aliajiriwa mahali fulani. Nchini Kenya, kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinaeleza yatakayokuwamo: jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza kazi, aina ya kazi na mahali ilipofanyikia, na tarehe ya kumaliza. Kila aliyefanya kazi kwa wiki nne mfululizo au zaidi anastahili kupewa, na mwajiri anayekataa kwa makusudi, au anayeandika humo jambo analojua kuwa si kweli, anatenda kosa la jinai. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inamtaka mwajiri atoe cheti hicho ajira inapokoma.

Barua ya mapendekezo ni ushuhuda wa mtu. Inaeleza jinsi kazi ilivyofanywa, na inaeleza hayo kutoka kwa aliyekuwapo akiona. Kwa sababu hiyo cheti hutolewa na ofisi ya utumishi hata kama afisa anayekisaini hakuwahi kumwona mfanyakazi, ilhali barua ya mapendekezo ya mtu ambaye hakuiona kazi haina thamani yoyote, hata kama aliyeisaini ni mkurugenzi.

Je, ninalazimika kuiandika?

Kwa Kenya jibu liko wazi: kifungu kilekile cha 51 kinasema mwajiri halazimiki kutoa ushuhuda kuhusu tabia au utendaji wa mfanyakazi, mradi ametoa cheti cha utumishi. Kwa Tanzania, wajibu unaotajwa na sheria niliyoitaja ni wa cheti. Kwa hiyo barua ya mapendekezo hutolewa kwa hiari.

Ushauri wangu ni kwamba ukiipima kazi ya mtu na kuona kuwa barua ya kweli ingekuwa na mapungufu mengi kuliko mema, ukatae mapema na kwa uwazi, ili apate nafasi ya kutafuta mdhamini mwingine kabla muda wa maombi haujakwisha. Mwambie ni sehemu gani ya kazi yake unayoweza kuisemea vizuri, naye ataamua kama sehemu hiyo inamtosha. Kinachomuumiza zaidi ni kukubali mbele yake kisha kuandika mistari minne mikavu, kwa maana mwajiri mpya ataisoma mistari hiyo kama onyo, naye mwombaji hatajua kamwe kwa nini hakuitwa kwenye usaili.

Mimi mwenyewe nimeshaondoka katika kampuni ile. Bado naweza kumwandikia?

Unaweza, ila uandike kwa jina lako mwenyewe. Usitumie karatasi yenye nembo ya kampuni mliyofanya kazi pamoja, kwa kuwa huna tena mamlaka ya kuisemea, wala usitumie nembo ya mwajiri wako wa sasa, ambaye hahusiki. Andika kwenye karatasi ya kawaida, na katika aya ya kwanza ueleze cheo ulichokuwa nacho wakati huo, ulimsimamia kuanzia lini hadi lini, na kwamba maoni ni yako binafsi. Kama kampuni ile ina utaratibu kwamba barua zote kuhusu wafanyakazi zitoke ofisi ya utumishi, utaratibu huo unawabana waliobaki. Wewe uliyeondoka angalia kama mkataba wako ulikuwa na sharti la kutunza siri, kisha uepuke kutaja bei, wateja na takwimu za ndani.

Nikusanye nini kabla ya kuandika?

Tangazo la kazi anayoiomba ni la kwanza. Bila tangazo hilo hujui lipi ni jema la kutajwa wala upungufu upi una uzito, kwa kuwa upungufu ni upungufu kwa kulinganishwa na kazi fulani: karani asiyependa kuzungumza mbele ya watu hana tatizo lolote akiwa anaomba kazi ya kutunza leja, lakini analo akiomba kazi ya kutoa mafunzo. Baada ya hapo tafuta tarehe sahihi na fomu za tathmini ya mwaka. Kwa watumishi wa umma Tanzania fomu hizo zilikuwa za OPRAS kabla ya kuja mfumo wa PEPMIS, na nakala mara nyingi anazo mtumishi mwenyewe. Fomu zinakulinda na kumbukumbu yako, ambayo kwa kawaida hushika miezi ya mwisho na kusahau miaka iliyotangulia.

Sifa njema ziandikwe vipi ili zisomeke kuwa za kweli?

Maneno kama «mchapakazi», «mwaminifu» na «anajituma» yapo katika kila barua, kwa hiyo msomaji huyaruka. Anachokitafuta ni jambo lililotokea. Chagua sifa mbili, au tatu kama kazi ni kubwa, na kila moja uieleze kwa tukio: hali ilikuwaje, mfanyakazi alifanya nini, na baada ya hapo nini kilibadilika. Ukiona huwezi kupata tukio la kuthibitisha sifa fulani, iache, kwa sababu pengine uliisikia kwa wengine tu.

Ni vizuri pia kueleza chanzo cha unayoyajua. Kusema «niliona mwenyewe katika hesabu ya mali ya kila mwisho wa mwezi» kuna uzito ambao «anafahamika kwa umakini» hauna, kwani msomaji anaweza kupima jinsi ulivyokuwa karibu na jambo unalolishuhudia.

Kwa nini niandike mapungufu? Si nitamkosesha kazi?

Hofu hii ni ya haki na ndiyo inayowafanya wasimamizi wengi waandike sifa tupu. Lakini tazama upande wa anayesoma. Ana barua za waombaji watano walioitwa kwenye usaili, na zote zinasema mwombaji ni bora kupita kiasi. Barua hizo hazimsaidii kuchagua, kwa hiyo anaziweka kando na kuamua kwa usaili peke yake. Barua moja inayosema wazi mahali mfanyakazi alipohitaji msaada huipa nguvu kila sifa iliyomo, kwa sababu msomaji ameona kwamba mwandishi yuko tayari kusema asilolipenda.

Kuna faida nyingine inayomhusu mfanyakazi moja kwa moja. Upungufu uliokwisha kutajwa kwa haki humfikia mwajiri mpya ukiwa na maelezo yake: ulionekana wapi, ulisababishwa na nini, nini kilisaidia. Usipotajwa, ataugundua mwenyewe mwezi wa pili, katikati ya muda wa majaribio, bila maelezo yoyote, naye atauchukulia kuwa umefichwa. Mtu amepoteza kazi kwa njia hiyo baada ya kuacha ile ya kwanza.

Sisemi kwamba kila upungufu uandikwe. Uandikwe ule tu unaogusa kazi anayoiomba, ulioonekana zaidi ya mara moja, na ambao mfanyakazi alikwisha kuambiwa wakati mkiwa pamoja. Sharti hilo la tatu nalisisitiza. Barua ya mapendekezo si mahali pa mfanyakazi kusikia kwa mara ya kwanza kwamba kulikuwa na tatizo. Kama hukumwambia kwa miaka mitatu mkiwa pamoja, hujapata haki ya kumwambia mtu mwingine leo.

Mapungufu gani hayaruhusiwi kuingia?

Afya, ujauzito, ulemavu, dini, kabila, siasa, mambo ya ndoa na uanachama wa chama cha wafanyakazi havina nafasi humo hata kidogo, na hata ukiviandika kwa huruma bado ni vibaya. Sentensi kama «aliendelea kufanya kazi vizuri licha ya ugonjwa wake» inamwonyesha mwandishi kuwa na moyo mwema, lakini imetoa habari ya afya kwa mtu asiyestahili kuipata. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 2023, na Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 zote zinaziweka habari za afya katika kundi linalohitaji ulinzi wa ziada. Siku za kutokuwapo kazini kwa likizo ya ugonjwa au ya uzazi zisihesabiwe kama utoro.

Hukumu juu ya nafsi ya mtu nazo ziachwe. «Mvivu», «mkaidi» na «hana msimamo» ni tafsiri yako. Andika kilichoonekana, yaani taarifa iliyochelewa au agizo lililorudiwa, na umwachie msomaji atafsiri mwenyewe.

Naomba mfano wa barua kamili.

Huyu ni karani wa bohari aliyefanya kazi katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro, na sasa anaomba kuwa msimamizi wa bohari katika kampuni ya pembejeo za kilimo. Tangazo linasema atasimamia watu sita, ataandaa taarifa ya kila mwezi, na atatumia mfumo wa kompyuta wa kutunza mali.

> YAH: BARUA YA MAPENDEKEZO KWA BI. ______________
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Nilikuwa Meneja wa Bohari na msimamizi wa moja kwa moja wa mtajwa kuanzia Julai 2020 hadi alipoondoka kwa hiari yake tarehe 30 Novemba 2023. Aliajiriwa Machi 2019, na miezi kumi na sita ya mwanzo sikuwapo. Kwa hiyo ninayoyaeleza ni ya kipindi nilichokuwapo. Barua hii inahusu maombi yake ya nafasi ya Msimamizi wa Bohari.
>
> Umahiri wake mkubwa ni usahihi wa hesabu za mali. Nilipofika, kila mwisho wa mwezi leja na hesabu ya rafu zilitofautiana katika mabati. Mtajwa ndiye aliyegundua kwamba mabati ya geji 28 na ya geji 30 yalikuwa yakiandikwa kwa rangi na urefu tu, hivyo yakichanganywa wakati wa kutoa mzigo. Alitenganisha mahali pa kuyaweka, akaongeza safu ya geji katika leja, na akaweka alama ya rangi kwenye kila fungu. Kuanzia Januari 2021 tofauti hiyo haikujirudia katika hesabu yoyote niliyoisimamia.
>
> Alikuwa pia makini na mali inayoharibika kwa kukaa. Alihakikisha saruji iliyotangulia kuingia ndiyo inayotangulia kutoka, na aliipanga juu ya vichanja, mbali na ukuta, ili isigande kwa unyevu. Alifanya hivyo hata siku za mzigo mkubwa, na bila kukumbushwa.
>
> Alihitaji msaada katika taarifa za maandishi. Mwaka 2022, taarifa nne kati ya kumi na mbili za mwezi zilinifikia baada ya tarehe tano tuliyokubaliana. Sababu niliyoiona ni kwamba alirudia kuhesabu yeye mwenyewe kila kitu kabla ya kuandika. Tulizungumza, tukatenga siku mbili za mwisho wa mwezi kwa ajili ya hesabu na taarifa, na katika taarifa kumi za kwanza za mwaka 2023 ni moja tu iliyochelewa. Yaliyomo katika taarifa hizo yalikuwa sahihi wakati wote.
>
> Kuhusu kusimamia watu, nilimwona akiongoza vibarua wawili wa kupakia. Alikuwa na heshima kwao, lakini mzigo ulipozidi alipendelea kufanya kazi yao kuliko kuwagawia. Nafasi anayoiomba ina watu sita. Kwa maoni yangu anaweza kuimudu, na atafaidika akipata mtu wa kumwelekeza katika kugawa kazi miezi ya mwanzo. Bohari yetu ilitumia leja ya karatasi na jedwali la Excel, kwa hiyo siwezi kushuhudia uwezo wake katika mfumo mkubwa wa kompyuta.
>
> Ningekuwa na bohari ya kuisimamia leo, ningemwajiri tena kutunza mali, na ningempa nafasi ya usimamizi kwa maelekezo niliyoyataja. Niko tayari kujibu maswali kwa simu iliyoandikwa hapa chini.

Kwa nini barua hiyo imeandikwa hivyo?

Ziangalie zile aya mbili zenye mapungufu. Ule wa taarifa zilizochelewa una mambo manne kwa mpangilio: kiasi, sababu, hatua iliyochukuliwa, na matokeo yake. Ukiondoa kiasi, msomaji atadhani ni kila mwezi. Ukiondoa sababu, atadhani ni uzembe, ilhali uchelewaji huo ulitokana na ileile tabia ya uangalifu iliyozaa sifa ya kwanza. Ukiondoa matokeo, utamwacha mfanyakazi mahali alipokuwa mwaka 2022. Ukiandika «wakati mwingine alichelewesha taarifa» umetumia maneno manne na kumdhulumu zaidi.

Upungufu wa pili si kosa. Hakuwahi kupewa watu sita, kwa hiyo msimamizi anasema alichokiona kwa watu wawili na kuishia hapo. Suala la kompyuta nalo ni jambo ambalo mwandishi hana ushahidi nalo, si jambo ambalo mfanyakazi hawezi, na lazima tofauti hiyo ionekane katika sentensi. Wasimamizi wengi huandika «hana uzoefu wa mifumo ya kompyuta», wakati ambapo huenda mwombaji aliisomea jioni kwa gharama yake mwenyewe.

Sentensi ya aya ya mwisho kuhusu kumwajiri tena ndiyo ambayo waajiri huitafuta kuliko zote. Iandike ikiwa ni kweli. Kama ungemwajiri tena kwa kazi fulani na si nyingine, sema hivyo, kama ilivyosemwa hapo. Nafasi ya simu iachwe ijazwe na mwandishi, kwa namba inayopokelewa.

Je, nimwonyeshe kabla ya kuituma?

Mimi naona umwonyeshe, isipokuwa kama mwajiri mpya ameagiza itumwe kwake moja kwa moja kwa siri. Hata hapo, mweleze kwa mdomo mapungufu utakayoyataja. Akiisoma anaweza kusahihisha tarehe, cheo au tukio ulilolikumbuka vibaya. Anaweza pia kuamua kutoitumia, na hiyo ni haki yake.

Lakini kuonyesha hakumaanishi kujadiliana bei. Kama anakuomba uondoe aya ya taarifa zilizochelewa, mwulize kama kuna jambo lolote lisilo la kweli ndani yake. Likiwapo, rekebisha. Lisipokuwapo, mweleze kwa upole kwamba unaweza kuacha kuiandika barua yote, ila huwezi kuiondoa aya hiyo wakati nafasi anayoiomba inadai taarifa kila mwezi. Kwa vijana wanaokuita mzee au mama na kukutegemea kama mzazi, mazungumzo haya ni mazito, nami nashauri yafanyike ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu.

Itakuwaje ikiwa aliondoka akiwa na tuhuma?

Tuhuma ambayo haikuchunguzwa wala kuamuliwa haiandikwi, na isidokezwe pia. Sentensi kama «aliondoka katika mazingira ambayo nisingependa kuyaeleza» ni mbaya kuliko shitaka lenyewe, kwa sababu haina kitu cha kujibiwa. Kama kikao cha nidhamu kilifanyika, akasikilizwa na uamuzi ukatolewa, na jambo lenyewe linagusa kazi anayoiomba, unaweza kutaja uamuzi huo jinsi ulivyoandikwa, bila kuongeza neno. Ikiwa jambo bado liko mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi au mahakamani, usiandike barua ya mapendekezo kabla ya kuzungumza na ofisi ya utumishi.

Hapo kuna mtego ambao waajiri huuona wakiwa wamechelewa. Kampuni inamwachisha mtu kazi kwa madai ya utendaji duni, kisha msimamizi wake, kwa kumhurumia, anamwandikia barua ya kumsifu kwa utendaji bora. Mfanyakazi akifungua shauri la kuachishwa kazi isivyo halali, barua hiyo inakuwa kielelezo dhidi ya kampuni. Kama sifa hizo ni za kweli, basi tatizo lilikuwa katika uamuzi wa kumwachisha, na msimamizi alipaswa kulisema wakati ule. Kama si za kweli, ameudanganya upande mmoja na kuuponza mwingine.

Mwajiri mpya akinipigia simu, niseme zaidi ya nilichoandika?

Hakikisha kwanza unazungumza na nani: chukua jina na cheo, kisha upige mwenyewe kwa namba ya ofisi yao. Katika mazungumzo, fafanua yaliyomo katika barua kwa mifano zaidi ukipenda, lakini usitoe upungufu mpya ambao mfanyakazi hajui kuwa utausema. Swali ambalo huwa linakuja ni «tuambie tu, kuna jambo hukuliandika?» Jibu linalofaa ni kwamba yanayohusu kazi hiyo umeyaandika. Baada ya simu andika tarehe na mliyozungumza, nawe umjulishe mfanyakazi kwamba ulipigiwa.

Ninaweza kushtakiwa kwa niliyoyaandika?

Inawezekana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kashfa, ambapo mwandishi hulindwa ikiwa ameandika kwa nia njema kwa mtu mwenye sababu halali ya kuipata habari hiyo. Ulinzi huo hupotea akiandika kwa chuki, au akiisambaza barua kwa wasiohusika. Ya pili ni uzembe. Mwaka 1994, katika kesi ya Spring dhidi ya Guardian Assurance, Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kwamba mwajiri anayetoa barua ya namna hii ana wajibu kwa mfanyakazi wa kuwa mwangalifu katika kuiandaa. Mlalamikaji aliandikiwa maneno yaliyomwonyesha kuwa si mwaminifu, wakati mahakama iliona kwamba alichokosa ni umahiri, si uaminifu. Uamuzi wa Uingereza hauzifungi mahakama za Tanzania na Kenya, lakini hupewa uzito, na kesi yenyewe inaonyesha wazi hatari ilipo: kuuvusha upungufu wa kazi ukawa doa la tabia.

Usisahau pia msomaji. Sifa za uongo zikimfanya aajiri mtu ambaye unajua alithibitika kuiba mali, hasara itakayompata inaweza kurudi kwako.

Mfanyakazi ameniletea barua aliyoiandika mwenyewe, anataka nisaini tu. Nifanye nini?

Jambo hili ni la kawaida sana, hasa kwa mabosi wenye shughuli nyingi. Pokea anachokileta kama orodha ya mambo anayotaka yakumbukwe, kwa kuwa mara nyingi kuna kazi ndani yake ambazo wewe ulizisahau. Kisha andika upya kwa maneno yako. Mwajiri akipata barua mbili za wadhamini tofauti zenye mtiririko mmoja na sentensi zinazofanana, atajua zimetoka mkono mmoja, na mwombaji ndiye atakayeonekana si mkweli.

Iwe na urefu gani, na kwa lugha gani?

Ukurasa mmoja unatosha kwa nafasi nyingi. Kwa nafasi ya usimamizi inaweza kufika ukurasa na nusu. Fuata lugha ya tangazo. Kama tangazo ni la Kiingereza na wewe unaandika Kiswahili vizuri zaidi, andika kwanza kwa Kiswahili upate mambo yote, kisha uiandike upya kwa Kiingereza na mtu mwingine akupitie hasa zile sentensi za mapungufu, maana ndizo zinazobadilika uzito kwa urahisi. Weka tarehe, saini, jina lako kamili na namba ya simu, na uhifadhi nakala, kwa kuwa mwajiri anaweza kukupigia miezi kadhaa baadaye akitaka uthibitishe kwamba kila neno lililomo ni lako.